Fungu la Kuni la Chungu Kimoja

Mtaani kwetu Kisumu Ndogo, hapa Malindi, watu wengi hawanunui kuni za wiki. Wananunua kuni za chakula cha leo. Mama anayerudi jioni kutoka kufulia watu nguo ana shilingi mia mbili mkononi, na katika hizo anataka unga, mchicha, kipande cha samaki na moto wa kupikia. Akitenga thelathini za kuni, hizo thelathini lazima ziivishe. Kuni zikimwishia ugali ungali mbichi, hana thelathini nyingine ya kurudi nayo kwangu, na watoto wameshakaa mkekani. Nimeuza kuni na makaa kwa rejareja kwa miaka mingi, na karibu yote ninayoyafanya bandani mwangu yanatokana na jambo hilo. Anayenunua kidogo hana pa kubahatisha, basi mimi ndiye wa kuhakikisha.

Aliyenifunza kuzikagua kuni ni bibi mmoja auzaye mahamri na mbaazi za nazi. Huyo huwasha moto kabla ya adhana ya alfajiri, na mbaazi hazina mchezo, zataka moto wa kutulia kwa saa nyingi. Alikuwa akifika bandani haangalii ukubwa wa fungu kama wengine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe mbili hapo nizisikilize."

Huzichukua kuni mbili, akazigonganisha karibu na sikio. Kuni kavu hutoa mlio mkali, mwembamba, kama vijiti vya ngoma. Kuni mbichi hutoa mlio mzito uliofifia, hata ukizigonga kwa nguvu. "Hizi zalia," angesema, na hizo ndizo anazochukua. Zilizonyamaza huzirudisha mahali pake bila maneno. Nami nikaanza kugonga kila mzigo kabla ya kuulipia. Baadaye nikaongeza dalili nyingine. Ncha za ukuni mkavu huwa na nyufa zinazotoka katikati kwenda nje, gome hubanduka kwa kidole, na rangi ya ndani imepauka. Nikiwa na shaka naupasua ukuni mmoja katikati na kuuweka shavuni upande wa ndani. Ukiwa bado una maji, utauhisi ubaridi wake, hata kama nje umekauka vizuri kwa jua.

Sababu ya kujisumbua hivyo ni kwamba mti uliokatwa karibuni, hadi nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Ukiutia motoni, moto wako unaanza kwa kuyachemsha maji hayo na kuyageuza mvuke kabla haujafikia sufuria. Kilo moja ya kuni mbichi kabisa hutoa takriban nusu tu ya joto la kilo moja ya kuni kavu, na iliyobaki mpishi anaipata kwa njia ya moshi na machozi. Kwa hiyo siuzi kuni kwa mizani. Anayeuza kwa kilo, kuni zikiwa mbichi ndipo anapopata zaidi, na kila siku ya kukausha inampunguzia pesa. Mimi nauza kwa kipimo cha fungu, ambacho hakibadiliki kuni zikipungua uzito.

Kuni ninazozipenda ni za mvinje. Wakulima wengi wa Kilifi wanapanda mivinje kwa ajili ya nguzo za ujenzi, na nguzo zikishatolewa hubaki matawi, vilele na vipande vilivyopinda ambavyo fundi hana kazi navyo. Hizo ndizo kuni zangu. Mvinje ni mti mzito, moto wake ni mkali na haurukiruki, na mkaa wake hukaa. Sijakata mti wa msitu, na mkulima ameuza kitu ambacho kingeozea shambani. Mwarobaini nao unafaa, huota kila mahali hapa mjini na watu huupogoa. Mwembe nachukua kwa tahadhari kwa sababu ni mwepesi, fungu lake huisha haraka, na usipokauka sawasawa una moshi mwingi. Vifuu vya nazi nauza kando, si kwa kupikia chungu bali kwa kuwashia, maana kifuu hushika moto haraka na kuwaka kwa nguvu.

Ninazozikataa ni za aina mbili. Ya kwanza ni mikoko. Kuikata bila kibali cha shirika la misitu, KFS, ni kosa, na mwenye kukamatwa nayo sokoni si yule aliyeikata usiku. Ya pili ni mbao za kubomolea, na hizi ndizo zinazonisumbua zaidi kwa sababu huja kwa bei rahisi hoteli zinapofanyiwa ukarabati au mashua kuukuu zinapovunjwa. Mbao iliyopakwa rangi, au nguzo iliyotiwa dawa ya mchwa, ile yenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia au yenye harufu ya lami, sumu yake haifi kwa moto. Baadhi yake hupanda na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu, na majivu hayo watu wanasugulia sufuria na kumwaga bustanini. Nikiletewa mkokoteni uliochanganywa, naurudisha wote. Kuchambua vipande vilivyopakwa rangi kunawezekana, lakini vilivyotiwa dawa na kupauka juani huwezi kuvitambua vyote kwa macho.

Sasa fungu lenyewe. Kuni nazikata urefu wa dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ili ziingie kwenye mafiga bila kujitokeza nje sana na mtoto kujikwaa. Kisha nazipasua hadi unene wa vidole viwili au vitatu pamoja. Ukuni mnene usiopasuliwa hukauka polepole, na mwenye sufuria ndogo hawezi kuupunguza moto wake. Kipimo changu ni kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, la inchi nne, nililokata upana wa kiganja. Nazipanga kuni ndani ya bomba hadi zibane, naongeza ukuni mmoja mwembamba kwa kuusukuma katikati, nafunga kamba kwenye ncha moja na nyingine, kisha naondoa bomba. Kila fungu linakuwa sawa na jingine, awe amelifunga mtoto wangu au mimi. Kamba ni ya usumba, kwa sababu mpishi hulegeza nyuzi zake na kuwashia moto. Nilikataa kamba za nailoni na vipande vya mpira wa baiskeli, kwa maana huishia mafigani, na moshi wake si wa kuvuta.

Fungu la bomba la inchi nne, kuni za mvinje zikiwa kavu, lina takriban kilo mbili. Kwa mafiga matatu ya kawaida, linapika ugali na mchuzi wa watu watano, na ukilitumia kwa jiko lililokingwa upepo linabakisha. Kwa mbaazi, maharagwe au muhogo mwingi natumia bomba la inchi sita, ambalo fungu lake ni zaidi ya mara mbili ya lile dogo. Mteja akija nauliza anapika nini kabla ya kuuliza ana pesa ngapi. Akisema mbaazi na ana thelathini, namwambia fungu dogo halitoshi. Nafuu alowekee mbaazi zake usiku kucha zipikike upesi, au tuongezee vifuu, kuliko anunue halafu apate mbaazi ngumu.

Nikueleze hesabu, maana wanaoanza huangalia bei ya mkokoteni na bei ya fungu wakaona faida ambayo haipo. Tuchukue mkokoteni wa kilo mia mbili wa matawi ya mvinje yaliyokatwa si muda mrefu, umenunuliwa kwa shilingi 1,200. Tuseme maji ndani yake ni asilimia arobaini. Zikikauka hadi maji yabaki asilimia ishirini, zile kilo mia mbili zimekuwa mia moja na hamsini. Hamsini zimepaa na upepo, na ulizilipia. Wakati wa kupasua, kilo kama kumi zinakuwa magome na vijiti. Zilizobaki zinatoa mafungu sabini ya kilo mbili. Kwa shilingi thelathini kila moja ni 2,100. Toa 300 za mpasuaji na 50 za kamba, na bei ya mkokoteni, unabaki na 550, na pesa hiyo umeisubiri wiki kadhaa kuni zikikauka. Magome na vijiti nayafunga visehemu vya shilingi tano vya kuwashia. Faida ni ndogo, ila mikokoteni ikipishana, mmoja ukikauka na mwingine ukiuzwa, banda halikosi kitu. Anayetaka kuharakisha akauza mbichi kwa kilo anapata pesa zaidi kwa mkokoteni uleule, na wateja wake wanakuja kwangu wiki inayofuata.

Kukausha kwenyewe ni kazi ya uchaga. Nimejenga uchaga wa miti iliyolala juu ya mawe, shibiri moja na nusu kutoka ardhini. Kuni zikigusa udongo mchwa hupanda, na unyevu wa mchanga wa pwani huzirudisha nyuma. Safu ya kwanza nazilaza upande mmoja, ya pili zikikatiza, ili hewa ipite katikati. Ncha nazielekeza upande wa kusi, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha za ukuni kuliko kwenye ubavu wake. Juu nimeweka bati, pembeni nimeacha wazi. Watu wengi hufunika rundo lote kwa turubai mpaka chini wakidhani wanalilinda. Mvuke unaotoka kwenye kuni unakosa njia, unagusa turubai na kudondoka tena, na baada ya wiki mbili unakuta ukungu mweupe. Mvinje uliopasuliwa ukiwekwa hivyo wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, ndani ya wiki nne hadi sita unalia. Wakati wa masika huwezi kutegemea hesabu hiyo.

Uchaga wangu hauko ukutani. Nyumba nyingi hapa zina mapaa ya makuti, na makuti makavu yakishika cheche hakuna muda wa kutafuta ndoo, hasa kusi inapovuma. Nimeacha nafasi ya hatua kadhaa kati ya kuni na ukuta wangu, na nafasi nyingine upande wa jirani, na hapo katikati pamefagiwa mchanga mtupu. Hapapikwi, havutwi sigara, na kibatali hakiingii. Jioni tunatumia tochi. Kabla ya kutia mkono kwenye rundo tunaligonga kwa fimbo kwanza, kwa sababu nge na tandu wanapenda kivuli cha kuni, na mara moja moja nyoka pia.

Makaa ndiyo yaliyonifanya niwe mkali kuhusu kuhifadhi. Kuni hazijiwashi zenyewe. Makaa mapya yanaweza. Gunia likitoka tanuri siku hiyohiyo, ndani yake huenda kuna kipande kilichozimika nje tu na moyo wake bado una moto. Zaidi ya hapo, makaa mapya hunyonya hewa yanapopoa, na kule kunyonya kwenyewe huzalisha joto. Yakisongamana gunia juu ya gunia, joto hilo halina pa kwenda. Kwa hiyo kwangu gunia jipya haliingii bandani. Linalala nje usiku mmoja na kushinda nje mchana unaofuata, peke yake, mdomo wazi, mbali na kuni na ukuta. Anayeniletea kutoka upande wa Langobaya alinicheka mwanzoni, akasema yametoka tanuri siku tatu zilizopita. Nilimwambia, "Kaka, nakuamini wewe, ila siyaamini makaa."

Asubuhi moja nilitoka na kukuta magunia yaliyoletwa jioni yamelowa umande, kama ilivyo kawaida hapa. Yote yalikuwa na ule unyevu unaong'aa kwenye nyuzi, isipokuwa moja. Ubavuni mwake palikuwa na sehemu kavu, upana wa sahani ya chai. Niliinama. Nyuzi za gunia pale zilikuwa zimejikunja na kung'aa kama zilizopitishwa juu ya moto, na harufu ilikuwa ya jiko lililozimwa, si ya makaa baridi. Sikuona moshi hata kidogo. Nilipeleka mgongo wa mkono karibu, bila kugusa, nikahisi joto kama la paji la uso la mtu mwenye homa.

Gunia kama hilo hulipasui pale lilipo, kwa sababu hewa ikiingia ghafla, kilichokuwa kikifuka kinawaka. Tuliyasogeza kwanza mengine, moja moja, kisha tukaliburuta lile hadi mchanga mtupu, tukasimama upande unakotoka upepo na kulimwaga kidogo kidogo kwa jembe, tukitandaza makaa yawe safu nyembamba. Katikati yalikuwa mekundu, ukubwa wa nazi mbili. Maji tuliyamimina polepole kwa kopo, si kwa ndoo nzima, kwa maana mvuke hurudi usoni. Watu walipendekeza tuyafukie kwa mchanga. Mchanga unauzuia moto usisambae, lakini moto uliofukiwa unakaa kwa muda mrefu chini, na mtoto anapita pekupeku. Maji ndiyo yanayomaliza. Baada ya hapo tuliyageuza, tukamimina tena, tukayaacha yakauke juani kabla ya kuyauza, kwa sababu kumuuzia mtu makaa yenye maji ni kumnyima kile alichokilipia.

Gunia hilo lingekuwa ndani, kuungua kwa banda kusingekuwa jambo la kutisha kuliko yote. Makaa yanayofuka bila kuwaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Wauzaji wengi hapa, kwa kuogopa wezi, hulala chumba kimoja na magunia yao. Mmoja niliyemfahamu mtaa wa pili alinusurika kwa sababu mwanawe alilia usiku, wakaamka wote wana maumivu ya kichwa na kichefuchefu, magoti hayana nguvu. Walidhani ni chakula. Kulipopambazuka wakakuta gunia la chini limefanya shimo. Kama huna pa kuyaweka makaa ila chumba unacholala, nunua debe moja kwa wakati, yaliyopoa, na uyaweke kwenye chombo cha bati chenye kifuniko.

Makaa nayauza kwa mkebe wa kasuku na nusu kasuku kwa wenye seredani. Nayapima kwa kuyalaza, bila kuyasimamisha vipande virefu ili kujaza mkebe kwa hewa. Chenga zinazobaki chini ya gunia naziponda, nachanganya na udongo wa mfinyanzi kidogo na uji mwepesi wa unga wa muhogo, nafinyanga matonge na kuyakausha. Hayafai kwa chai ya haraka kwa kuwa huchelewa kushika, lakini yakishika yanapika maharagwe bila kuongezwa.

Mafuta ya taa niliyauza kwa muda kwa kipimo cha kikombe, kisha nikaacha. Chupa ya mafuta hutoa mvuke, na mvuke karibu na kuni na makaa ni hatari nisiyoweza kuilinda peke yangu. Pia wateja walikuja na chupa za soda, na mtoto mwenye kiu hasomi. Nilikuwa nikikataa kumimina kwenye chupa ya kinywaji, tukigombana. Na kwa kuwa wazazi wengi wana mafuta hayo nyumbani, niseme hili: mtoto akiyanywa msimtapishe wala msimpe maziwa, mkimbizeni hospitali. Akitapika, mafuta huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua.

Kazi kubwa ya mwaka ni kujiandaa kwa masika. Kuanzia Aprili hadi Juni mvua ikikolea, barabara za bara zinakuwa tope, mikokoteni haiji, na inayokuja ina kuni zilizolowa. Bei hupanda wakati ambapo wavuvi nao hawatoki sana na pesa mtaani ni haba. Kwa hiyo Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mivinje ikiwa rahisi, nanunua kupita ninavyouza na kujaza uchaga wa pili ulio nyuma ya nyumba. Pesa za kufanya hivyo nimejifunza kuzitenga kidogo kidogo kila Ijumaa tangu mwezi wa kumi, kwenye chama chetu cha akina mama. Uchaga huo wa pili siugusi mpaka mvua ya pili kubwa inyeshe. Wa kwanza nauuza kwa zamu, zilizotangulia kuingia ndizo zinazotangulia kutoka, maana kuni zikikaa mwaka na zaidi fukusi huzitoboa, unga mweupe unaanguka chini, na fungu linakuwa jepesi mkononi. Hayo nikiyakuta nayauza nusu bei na kumwambia mnunuzi sababu.